Kanuni Inaposhuka Ubaoni: Kutengeneza Kiolezo cha Lahajedwali kwa Somo la Takwimu



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuzigeuza kanuni za mihadhara ya takwimu ziwe violezo vya lahajedwali, yaani faili ambalo mwanafunzi analifungua, anaingiza data zake upande mmoja na kusoma majibu upande wa pili. Kanuni za somo letu ni nyingi, na nikisema nizipitie zote tutalala hapa. Nitachukua moja tu, ile ya kukadiria wastani wa kundi zima kutokana na sampuli ndogo. Ubaoni huandikwa hivi:

x̄ ± t · s / √n

Kwa maneno: chukua wastani wa sampuli, gawa mkengeuko sanifu kwa kipeuo cha pili cha n, zidisha kwa t, kisha tokeo hilo litoe kwenye wastani upate mpaka wa chini, na lijumlishe upate mpaka wa juu. Mwalimu anaiandika kwa mkupuo mmoja wa chaki. Lakini anapoiandika anakuwa amenyamazia mambo kadhaa, kwa sababu yeye na darasa lake wameshayazungumza: kwamba n ni idadi ya vipimo vilivyopatikana kweli, kwamba s imepatikana kwa kugawa kwa n kutoa moja, kwamba t imesomwa kwenye safu fulani ya jedwali lililo nyuma ya kitabu, kwamba kila x ni namba. Kompyuta haikuwapo darasani. Kila ulichokinyamazia, itakijaza kwa namna yake, na aghalabu haitakuambia imejaza nini. Kwa hiyo kiolezo kizuri, kwa maoni yangu, ni kile kinachoyasema yale ambayo ubao uliyanyamazia.

Tuanze na data. Tuseme mwanafunzi amenunua pakiti kumi za unga wa sembe kutoka mashine moja, zilizoandikwa kilo mbili, akazipima kwa gramu, na kupata 1985, 2010, 1992, 1978, 2004, 1996, 1989, 2001, 1983 na 1992. Namba hizi nimezitunga mimi kwa ajili ya leo, na mtaona nilizitunga kwa hila. Swali lake ni la kawaida: je, kwa vipimo hivi, anaweza kusema kwamba pakiti za mashine ile kwa wastani ziko chini ya kilo mbili?

Kiolezo chetu kinampa safu B, kuanzia seli B5 hadi B64, nafasi sitini za kuandika vipimo. Majibu yako safu E. Kila alama ya kanuni ninaipa seli yake yenyewe, na jina lake kwa Kiswahili liko kushoto kwake katika safu D:

```
E5   =COUNT(B5:B64)
E6   =AVERAGE(B5:B64)
E7   =DEVSQ(B5:B64)
E8   =SQRT(E7/(E5-1))
E9   =E8/SQRT(E5)
E10  0.95
E11  =T.INV.2T(1-E10,E5-1)
E12  =E6-E11*E9
E13  =E6+E11*E9
```

E5 ni n. E6 ni wastani. E7 ni jumla ya miraba ya tofauti kati ya kila kipimo na wastani. E8 ni mkengeuko sanifu, E9 ni hitilafu sanifu ya wastani, E10 ni kiwango cha uhakika ambacho mwanafunzi anaruhusiwa kukibadilisha, E11 ni t, na mbili za mwisho ni mipaka. Najua kuna atakayeniambia kwamba yote haya yangeweza kuingia katika seli mbili ndefu. Yangeweza. Lakini seli ndefu ikikosea hujui imekosea wapi, na mwanafunzi aliyekokotoa kwa mkono hawezi kulinganisha hatua yake ya tatu na hatua ya tatu ya kompyuta. Kiolezo cha kufundishia ni tofauti na kiolezo cha ofisini. Mhasibu anataka jibu, mwanafunzi anataka kuona jibu lilikopita.

Tukiingiza vipimo vyetu, n ni 10, wastani ni 1,993, na jumla ya miraba ni 890. Hiyo unaweza kuihakiki kwa kalamu: tofauti ni −8, 17, −1, −15, 11, 3, −4, 8, −10 na −1, na ukizijumlisha zinakwisha sifuri kama inavyopasa. Mkengeuko sanifu ni 9.94, hitilafu sanifu ni 3.14, t ni 2.262. Mipaka inatoka 1,985.9 hadi 2,000.1.

Tazameni mpaka wa juu. Elfu mbili imo ndani, kwa nywele tu. Mwanafunzi huyu hawezi kusema, kwa uhakika wa asilimia 95, kwamba wastani wa mashine uko chini ya kilo mbili. Hapo ndipo hila yangu ilipo, kwa sababu sasa kila moja ya tafsiri tatu mbaya zinazofuata itabadilisha hukumu.

Ya kwanza. Mtu anatafuta kitufe cha mkengeuko sanifu, anakutana na `STDEV.P` na `STDEV.S`, anachukua ile iliyotangulia kwa alfabeti. Ile yenye P inagawa kwa n, kana kwamba pakiti hizi kumi ndizo pakiti zote duniani. Mkengeuko unashuka hadi 9.43, na mpaka wa juu unakuwa 1,999.7. Elfu mbili imetoka nje, na mwenye kinu ameshakuwa mwizi.

Ya pili. Kuna `CONFIDENCE`, jina linalovutia kwelikweli kwa mtu anayetafuta mipaka ya uhakika. Hiyo haitumii t. Inatumia 1.96 ya mgawanyo wa kawaida, ambayo ni halali pale mkengeuko wa kundi zima unapojulikana. Kwa data zetu inatoa 6.16 badala ya 7.11, na mpaka wa juu unakuwa 1,999.2. Mwizi tena. Inayostahili hapa ni `CONFIDENCE.T`, iliyoingia katika Excel ya mwaka 2010 pamoja na zile nyingine zenye nukta katikati ya jina.

Ya tatu iko kwenye t yenyewe. Majedwali ya vitabuni yanatofautiana: mengine yanahesabu mkia mmoja, mengine mikia miwili. Lahajedwali nayo ina `T.INV`, inayohesabu kutoka kushoto, na `T.INV.2T`, inayohesabu mikia miwili. Ukiandika `=T.INV(0.95,9)` unapata 1.833, ambayo inakupa mipaka ya asilimia 90 huku wewe ukidhani ni 95. Ukiandika `=T.INV(0.05,9)` unapata −1.833, na mpaka wa chini unakuwa juu ya mpaka wa juu. Hiyo angalau inajitangaza. Na ukitumia ile sahihi lakini ukaipa 0.95 badala ya 0.05, t inakuwa 0.06 hivi, na mipaka inabanana mpaka gramu moja haitoshi kupita katikati. Ndiyo maana katika E11 nimeandika `1-E10`: mwanafunzi anaingiza kiwango cha uhakika anachokijua yeye, na kiolezo ndicho kinachofanya ubadilishaji.

Hapa naomba ruhusa nimtaje kidogo aliyetuletea balaa hili, maana historia yake inaeleza kwa nini sehemu hizi mbili, n kutoa moja na t, lazima ziende pamoja. William Sealy Gosset alikuwa mwajiriwa wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin. Huko vipimo vilikuwa vichache, na hesabu zilizokuwapo wakati ule zilitaka sampuli kubwa. Mwaka 1908 alichapisha katika jarida la Biometrika makala yake kuhusu hitilafu ya wastani, akitumia jina la kupanga, Student, kwa kuwa kiwanda hakikutaka wafanyakazi wake wachapishe kwa majina yao. Katika makala ile Gosset mwenyewe aligawa kwa n, na majedwali yake yalijengwa juu ya kugawa huko. Ni baadaye, kwa kazi ya Ronald Fisher, ndipo tukapata t ya leo yenye digrii za uhuru, na hiyo imejengwa juu ya n kutoa moja. Kwa hiyo anayechukua t ya Fisher na kuitia kwenye mkengeuko uliogawanywa kwa n, anachanganya nusu ya hesabu moja na nusu ya nyingine. Kila nusu ina ukoo wake. Ndoa yao ndiyo batili.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nadhani ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni seli tupu.

Ubaoni hakuna kitu tupu. Kuna x ya kwanza hadi x ya n, basi. Kwenye kiolezo kuna nafasi sitini, na mwanafunzi wetu amejaza kumi. Hamsini zimebaki. Je, kompyuta inazionaje? Jibu ni kwamba inategemea umeiuliza kwa neno gani. `COUNT`, `AVERAGE` na `DEVSQ` zinaziruka seli tupu. Lakini mwalimu anayependa kuonyesha kanuni ilivyo, tofauti zikipandishwa kipeo cha pili kisha zikajumlishwa, anaweza kuandika hivi katika E7:

```
=SUMPRODUCT((B5:B64-E6)^2)
```

Inasomeka vizuri, karibu sawasawa na ilivyo ubaoni. Na ni sumu. Katika kutoa na kujumlisha, seli tupu huhesabiwa kuwa sifuri. Kila moja ya zile hamsini inakuwa pakiti ya gramu sifuri, iliyopungukiwa gramu 1,993 na wastani, na mraba wa upungufu huo ni karibu milioni nne. Mkengeuko sanifu unatoka gramu 4,698 kwa pakiti za kilo mbili. Hapo mwanafunzi mwenye macho atashtuka. Lakini fikirieni data ambazo wastani wake uko karibu na sifuri, kwa mfano mabadiliko ya uzito wa wagonjwa kabla na baada ya dawa, wengine wameongezeka na wengine wamepungua. Hapo sifuri hamsini hazishtui mtu. Zinaongeza kidogo tu kwenye jumla ya miraba, au haziongezi kabisa, na faili linaonekana zima. Kosa linaloonekana kwa unga halionekani kwa wagonjwa, ingawa seli ni ileile.

Tiba iko wazi. Ama tumia `DEVSQ`, kama nilivyofanya, ama uwe na safu ya msaada inayouliza kwanza kama kuna namba:

```
=IF(ISNUMBER(B5),(B5-$E$6)^2,"")
```

Hii unaiandika katika C5 na kuivuta hadi C64, kisha E7 inakuwa jumla ya safu C. Mimi naipenda hii ya pili kwa darasa la mwaka wa kwanza, kwa sababu mwanafunzi anaiona miraba yake, 64, 289, 1, 225, na anaweza kuinyooshea kidole. Zile alama za dola zisisahauliwe. Bila dola, ukiivuta fomyula chini, E6 inakuwa E7, kisha E8, na kila pakiti baada ya ile ya kwanza inaelekezwa kwenye seli nyingine badala ya wastani.

Jambo la pili ambalo kanuni inalinyamazia ni kwamba kuna kanuni mbili. Walimu wengi tuliosoma kwa vikokotoo vya mfukoni tulifundishwa njia ya mkato: jumlisha miraba ya vipimo vyenyewe, kisha toa mraba wa jumla uliogawanywa kwa n. Kwa pakiti zetu, miraba inafika 39,721,380, unatoa 39,720,490, unabaki na 890 ileile. Kwa kalamu njia hii inaokoa jasho, kwa kuwa huhitaji kuujua wastani kwanza. Kwenye kompyuta haiokoi chochote, na ina hatari yake. Lahajedwali huhifadhi kila namba kwa tarakimu muhimu kumi na tano hivi. Chukua vipimo vitatu: 1000000001, 1000000003 na 1000000002. Mtoto wa shule anaona kwamba vinatofautiana kwa moja moja na mkengeuko sanifu ni 1 kamili. Lakini mraba wa kila kimoja una tarakimu kumi na tisa. Zile za mwisho, ambazo ndizo zenye habari yote tunayoitafuta, zinakatwa kabla hujafika kwenye kutoa, na kinachobaki ni takataka: pengine sifuri, pengine mamia, pengine namba hasi ambayo kipeuo chake kinaandika `#NUM!` kwenye seli.

Msidhani haya ni ya nadharia tu. Excel yenyewe, kabla ya toleo la mwaka 2003, ilikokotoa mkengeuko sanifu kwa njia hiyo ya mkato, na Microsoft waliibadilisha katika toleo hilo wakaweka njia ya kupita mara mbili: kwanza wastani, kisha tofauti. Maana yake ni kwamba kitengo cha mihadhara kinachofundisha njia ya mkato kwa ajili ya mtihani wa kalamu kisikiingize kiolezo katika njia hiyo. Mwanafunzi afanye mkato mkononi, kiolezo kifuate maana ya asili, na majibu mawili yakutane. Yasipokutana, kuna cha kujadili.

Kwa kuwa nimegusa fomyula zinazosomeka kama ubaoni lakini zikamaanisha kitu kingine, nidokeze moja ya pembeni kwa wale watakaotengeneza kiolezo cha mgawanyo wa kawaida. Ubaoni tunaandika e kwa kipeo cha hasi z mraba gawanya mbili, na sote tunaelewa kwamba mraba unatangulia, hasi inafuata. Excel na LibreOffice Calc zote mbili zinaitanguliza ile hasi. `=EXP(-A2^2/2)` kwa z ya 1 inatoa 1.6487 badala ya 0.6065, kwa kuwa imepandisha −1 kipeo cha pili ikapata chanya. Andika `=EXP(-(A2^2)/2)`. Nayo inajitangaza, kama una tabia ya kuchora: kengele yako itakuwa imegeuka bonde.

Turudi kwa mwanafunzi na kidole chake. Kanuni inachukulia kwamba kila x ni namba. Mwanafunzi anaandika "1985g", au anaacha herufi O mahali pa sifuri, au ananakili kutoka kwenye ujumbe wa simu na nafasi tupu isiyovunjika inakuja nyuma ya namba. Seli hizo zinakuwa maandishi, na `AVERAGE` inaziruka kimyakimya kama inavyoziruka tupu. Vipimo kumi vinakuwa tisa na hakuna aliyelia. Kwa hiyo karibu na majibu naweka seli ya ukaguzi:

```
E15  =COUNTA(B5:B64)-COUNT(B5:B64)
```

`COUNTA` inahesabu kila seli isiyo tupu, `COUNT` inahesabu zenye namba tu. Tofauti ikizidi sifuri, kuna seli iliyoandikwa kitu ambacho si namba, na kiolezo kiseme hivyo kwa rangi nyekundu, kwa Kiswahili.

Lakini kuna kosa ambalo E15 hailioni. Kompyuta zilizopangwa kwa Kiingereza, kama nyingi za Dar es Salaam na Nairobi, huchukua nukta kuwa ya desimali na mkato kuwa wa kutenganisha maelfu. Zilizopangwa kwa Kifaransa, kama nyingi utakazozikuta Bujumbura au Lubumbashi, hutumia mkato kwa desimali. Faili lenyewe likihama halina shida. Majina ya fomyula yanajitafsiri na alama zake zinajipanga. Shida ni kinachoandikwa na mtu. Mwanafunzi wa Dodoma akiandika 1,985 anapata elfu moja mia tisa themanini na tano. Mwenzake wa Bukavu akinakili karatasi hiyohiyo herufi kwa herufi, anapata moja na sehemu 985 za elfu. Zote ni namba halali, n haibadiliki, ukaguzi unasema salama. Kinachomkamata ni seli mbili nyingine, `=MIN(B5:B64)` na `=MAX(B5:B64)`, zikiwa mahali pa wazi juu ya majibu. Mtu aliyepima pakiti za unga akiona kwamba kubwa kuliko zote inasomeka 2,01, atajua. Unaweza pia kuweka masharti kwenye seli za data zikatae namba iliyo nje ya mipaka, ila kumbukeni kwamba masharti hayo humzuia anayeandika kwa mkono. Anayenakili na kubandika anapita bila kuulizwa.

Mwisho wa safu nao una habari yake. Mwanafunzi mwenye vipimo 63 atajaza B5 hadi B64 kisha aendelee B65, B66, B67, akiwa na furaha. Fomyula zinaishia B64. Kisa kinachojulikana zaidi cha aina hii ni cha wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, ambao makala yao ya mwaka 2010 kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi ilinukuliwa sana na wanasiasa. Mwaka 2013 mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, pamoja na walimu wake Michael Ash na Robert Pollin, walionyesha kwamba wastani katika lahajedwali yao uliishia mstari wa 44 badala ya 49. Nchi tano zilikuwa zimeachwa nje: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Ili tuwe wakweli, sehemu kubwa ya tofauti kati ya majibu ya makundi hayo mawili ilitokana na namna ya kuzipa nchi uzito na data zilizoachwa kwa sababu nyingine. Seli tano zilichangia kidogo. Lakini ni seli zilezile ambazo mwanafunzi mmoja aliziona kwa sababu alipewa faili lenyewe, hatua zote zikiwa wazi. Kwetu inatosha kuweka ukaguzi mwingine, `=COUNTA(B65:B500)`, unaolalamika ukizidi sifuri.

Sasa, majibu yaonekane lini? Ushauri wangu ni kwamba mipaka isitoke mpaka ukaguzi wote upite. Badala ya fomyula tupu katika E12, andika hivi, ukichukulia kwamba E16 ndiyo yenye ukaguzi wa chini ya safu:

```
=IF(E5<2,"Weka vipimo 2 au zaidi",IF(E15+E16>0,"Kagua data",E6-E11*E9))
```

Wapo wanaopenda kuzungushia kila kitu `IFERROR` ili faili lisionyeshe alama za kutisha. Siungi mkono. `IFERROR` haichagui kosa. Inafunika la mwanafunzi aliyeacha safu tupu na la mwalimu aliyeandika fomyula vibaya, yote kwa blanketi moja. Andika sharti unalolijua kwa jina lake. Kosa usilolitarajia liache lipige kelele.

Kabla ya kulitoa faili kwa darasa, lijaribiwe. Kwanza kwa data ambazo jibu lake unalo: pakiti zetu kumi zinafaa. Pili kwa njia ya pembeni: katika seli iliyo mbali andika `=CONFIDENCE.T(1-E10,STDEV.S(B5:B64),COUNT(B5:B64))` na uone kama inatoa 7.11, sawa na nusu ya umbali kati ya mipaka yako. Tatu, na hili ndilo ninalolithamini zaidi, lijaribu kwa mabadiliko ambayo hisabati inakuahidi matokeo yake. Ongeza 1,000 kwenye kila kipimo: wastani upande kwa 1,000 na mkengeuko usitikisike. Zidisha kila kipimo kwa mbili: mkengeuko uwe mara mbili. Weka namba moja mara kumi: mkengeuko uwe sifuri na mipaka ikutane. Futa kipimo kimoja cha katikati, si cha mwisho, na uone kama n inashuka hadi 9 bila lingine kuharibika. Kiolezo chenye ile sumu ya `SUMPRODUCT` hakipiti hapa. Kisha fungua seli B5 hadi B64 na E10 peke yake, na ufunge laha nzima, lakini fomyula ziachwe zionekane. Excel ya 2013 na zilizofuata zina `=FORMULATEXT(E8)`, inayoandika fomyula ya seli nyingine kama maandishi. Iweke katika safu F, mwanafunzi asome kanuni pembeni ya jibu.

Kuna vitu kiolezo hakitavijua hata ukiongeza ukaguzi mia. Hakijui kama pakiti kumi zilitolewa rafu moja ya duka moja, zote za siku moja ya kazi, wakati mashine inajaza unga mwaka mzima. Hakijui kama mizani ilianza kwenye sifuri. Kikipewa namba kumi zilizobuniwa, kama hizi zangu, kitatoa mipaka yake kwa desimali zilezile. Kwa hiyo katika violezo ninavyowapa wanafunzi nimeweka seli moja ya maandishi juu ya safu ya data, B2, nayo nimeiacha wazi, ya kujibu swali: vipimo hivi vilichaguliwaje? Ikiwa tupu, E12 na E13 hazitoi namba. Najua wengine wanaandika nukta moja ili wapite. Wanaoandika nukta huwa nawaita waje na pakiti zao.